Pilau ya Watu Wanne kwa Wageni Ishirini na Watano

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita anaiweza. Ishirini na tano gawanya kwa nne ni sita na robo, kwa hiyo kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya mapishi kinazidishwa mara 6.25, basi. Ukifanya hivyo kwa uaminifu mpaka mstari wa mwisho, utapika pilau bokoboko, rangi yake imepauka, karafuu inatia ganzi ulimi, na wageni watakuwa wameshaanza kuangalia saa kabla hujaipakua. Hesabu haijakosewa popote. Kilichokosewa ni kudhani kwamba kila namba kwenye ile karatasi inahusu watu wanaokula. Nyingine zinahusu sufuria, na nyingine zinahusu moto, na sufuria na moto haviongezeki mara sita na robo kwa sababu tu wageni wameongezeka.

Nimechagua pilau ya nyama ya ng'ombe kwa sababu ndicho chakula ambacho wengi wetu tunalazimika kukipika kwa wingi, iwe Idi, hitima, au kumpongeza mtoto aliyemaliza chuo. Pia ndiyo inayoadhibu haraka. Mchuzi ukizidi maji unaweza kuuacha motoni upungue, maharage yakiwa magumu unayaongezea saa. Mchele ukishaingia sufuriani, kurudi nyuma hakuna.

Tuseme karatasi ya watu wanne inasema hivi: mchele nusu kilo, nyama nusu kilo, vitunguu maji vitatu vikubwa ambavyo kwa uzito ni kama gramu 300, viazi vinne, mafuta robo kikombe, kitunguu saumu kilichotwangwa kijiko kimoja cha chakula na tangawizi kiasi hicho hicho, binzari nyembamba vijiko viwili vya chai, iliki sita, karafuu sita, mdalasini kijiti kimoja, pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi vijiko viwili vya chai, na supu ya nyama vikombe vinne. Kikombe hapa ni cha mililita 250, nacho hubeba mchele wa gramu 200 hivi, kwa hiyo nusu kilo ya mchele ni vikombe viwili na nusu.

Yapo mambo ambayo kweli yanazidishwa bila mjadala, nayo ni yale yanayoshibisha. Mchele utakuwa kilo tatu na gramu 125, na nyama vivyo hivyo. Wapishi wengi wa shughuli huhesabu kilo moja ya mchele kwa watu wanane hadi kumi, kwa hiyo kilo tatu na kidogo kwa watu 25 ni kipimo cha watu kushiba pasipo kubaki na sinia tatu za kugawia majirani. Kama kati ya hao 25 wamo watoto wadogo wanane, kilo mbili na nusu zinatosha, kwani mtoto wa chini ya miaka kumi hula nusu ya mtu mzima, na hiyo nusu yenyewe huishia chini ya meza. Nyama na viazi, lakini, huhesabiwa pia kwa macho. Mgeni haoni gramu, anaona vipande. Nyama ya kilo tatu na ushee ukiikata vipande vya gramu 40 unapata kama 78, vitatu kwa kila mtu, na vikishaiva vitakuwa vimesinyaa kwa robo au theluthi. Ukivikata vikubwa zaidi, wa mwisho kupakuliwa atapata mchele na kiazi. Viazi ni 25, kimoja kwa kila mtu, na ni bora viwe vidogo vinavyolingana kuliko vikubwa vya kukata nusu, maana pande zilizokatwa humeguka sufuria kubwa inapogeuzwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu vijiko. Kijiko cha chai kilichojaa hadi kufanya kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kijiko kilichosawazishwa kwa kisu. Katika sufuria ya watu wanne tofauti hiyo inavumilika. Ukichota vilima kumi na viwili mfululizo haivumiliki tena. Kwa hiyo badilisha: vijiko vitatu vya chai ni kijiko kimoja cha chakula, na vijiko 16 vya chakula ni karibu kikombe kimoja. Kadiri unavyochota mara chache kwa chombo kikubwa kilichosawazishwa, ndivyo unavyokosea kidogo. Mwenye mizani ya jikoni apime kwa gramu, aachane na vijiko kabisa.

Sasa maji, au tuseme supu, kwa sababu hapa ndipo pilau nyingi za shughuli zinapozama. Karatasi inasema vikombe vinne kwa mchele wa vikombe viwili na nusu. Mara 6.25, unapata vikombe 25. Usivimimine vyote. Vile vikombe vinne vilikuwa na kazi mbili tofauti ambazo mwandishi wa mapishi hakuzitenganisha. Kazi ya kwanza ni kuingia ndani ya punje, na mchele kwa kawaida hunywa maji yanayokaribia ujazo wake wenyewe, kikombe kwa kikombe. Hivyo viwili na nusu viliingia kwenye mchele. Kimoja na nusu kilichobaki kilikuwa cha kupotea: kiligeuka mvuke na kutoka juu ya sufuria.

Sehemu ya kwanza inafuata mchele, basi izidishe: viwili na nusu mara 6.25 ni kama vikombe 15 na nusu. Sehemu ya pili inafuata mdomo wa sufuria. Sufuria ya watu wanne yenye upana wa sentimita 22 ina mdomo wa eneo la sentimita za mraba 380. Sufuria ya watu 25 yenye upana wa sentimita 40 ina eneo la 1,257. Hiyo ni mara tatu na kitu tu, si mara sita. Kwa hiyo kikombe kimoja na nusu cha kupotea kinakuwa vitano. Jumlisha: vikombe 20 na nusu. Ukilinganisha na 25 za hesabu ya moja kwa moja, umeepuka vikombe vinne na nusu, zaidi ya lita moja ya supu ambayo haingepata pa kwenda isipokuwa kuupasua mchele.

Bibi zetu waliopima kwa kidole walikuwa wanafanya hesabu hii hii bila kuiandika. Kanuni yao inasema supu ipite juu ya mchele kwa pingili moja ya kidole, sufuria iwe ndogo au kubwa. Kwa mtu aliyezoea vikombe inaonekana ni ubahatishaji, lakini hebu itazame: supu iliyo juu ya mchele ina unene ule ule wa sentimita mbili na nusu hivi, na wingi wake unaongezeka kwa kadiri ya upana wa sufuria, kama mvuke unavyofanya. Katika sufuria yetu ya sentimita 40, pingili moja juu ya kilo tatu za mchele, pamoja na supu inayojaza nafasi kati ya punje, inakuja karibu vikombe 19. Si mbali na zile 20 na nusu, na iko mbali sana na 25. Kati ya kikombe na kidole, sufuria ikishakuwa kubwa mimi namwamini mwenye kidole.

Mchele nao una tabia zake. Mpya wa msimu, uliotoka shambani juzi, unahitaji maji kidogo kuliko uliokaa ghalani mwaka mzima. Ukiuloweka nusu saa, umeshakunywa sehemu ya maji yake kwenye beseni, na supu ipungue. Kwa kuwa hujui kwa hakika mchele ulionunua una umri gani, usianze na vikombe vyote 20. Mimina 18 na nusu, na viwili viache pembeni vikichemka kwenye sufuria ndogo. Kuongeza kunawezekana. Kupunguza hakuwezekani.

Upana wa sufuria una umuhimu mwingine. Chakula chote hiki kikiiva kina ujazo wa lita 16 hivi. Kwenye sufuria ya sentimita 40 kitafika kina cha sentimita 13, maradufu ya kina cha pilau yako ya nyumbani. Kinavumilika. Ukikipika kwenye sufuria nyembamba iliyosimama kama ndoo, kina kinafika sentimita 20 na zaidi: punje za chini zinabebeshwa mzigo wa zile za juu huku zikiwa laini, zinabonyea na kushikana, wakati za juu bado zina kiini kigumu. Ukiona pilau yenye bokoboko chini na mbichi juu kwa pamoja, usilaumu maji, sufuria ilikuwa na kina mno. Asiye na sufuria pana apike mbili za wastani. Ni kazi zaidi, lakini ni kazi yenye matokeo.

Vitunguu. Karatasi inataka gramu 300, sasa ni karibu kilo mbili. Rangi ya pilau yetu ya pwani haitoki kwenye manjano wala rangi ya kopo. Inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa hudhurungi, na hapo pia ndipo utamu wake ulipo. Kitunguu kwa sehemu kubwa sana ni maji, karibu asilimia 90. Ukimwaga kilo mbili kwa pamoja, maji hayo yanatoka kwa mkupuo, mafuta yanapoa, na kwa dakika 20 za mwanzo hukaangi kitu, unachemsha vitunguu kwenye maji yao wenyewe. Sauti itakuambia: kukaanga kunachachatika kwa ukali, kuchemka kunabwatabwata. Wengi hukata tamaa hapo, wanaona vimelainika na kuwa vya manjano wanadhani vimeiva, wanaendelea. Matokeo ni pilau ya rangi ya mchanga, kisha mtu anakimbilia kuongeza binzari ili apate rangi, na ladha nayo inaharibika.

Kaanga kwa mafungu manne. Pasha mafuta kwenye karai pana, tia fungu moja la nusu kilo lililokatwa nyembamba, likifika hudhurungi lichote kwa kijiko chenye matundu uliweke kando, tia la pili ndani ya mafuta yale yale. Ndiyo maana mafuta pia hayazidishwi. Robo kikombe mara 6.25 ni kikombe kimoja na nusu, ila mafuta yanatumika zaidi ya mara moja, na nyama ya kilo tatu itatoa ya kwake. Kikombe kimoja na robo kinatosha, na kwa nyama yenye mafuta hata kimoja. Pilau iliyozidishiwa mafuta huitambui ikiwa ya moto, unaitambua kwenye sahani ikianza kupoa na midomo ya wageni iking'aa.

Chumvi na viungo si ndugu, ingawa hukaa kabati moja. Chumvi haipotei na mvuke wala haizidi nguvu kwa kukaa motoni, inafuata uzito wa chakula tu, kwa hiyo kimsingi inazidishwa kama mchele: vijiko viwili vya chai mara 6.25 ni kumi na viwili na nusu, sawa na vya chakula vinne na punje. Lakini anza na vitatu. Sababu ni yale makosa ya vijiko niliyoyasema, na pia kwamba supu tumeipunguza. Kile cha nne kitaingia baada ya kuonja, na namna ya kuonja nitaieleza hivi punde.

Viungo vyenye nguvu ndivyo havikubali kuzidishwa kwa upofu. Karafuu sita zikizidishwa ni 37, iliki vivyo hivyo, mdalasini vijiti sita. Wapishi wazoefu huishia kwenye theluthi mbili za hesabu hiyo, na wana sababu. Sufuria kubwa inakaa motoni muda mrefu zaidi, hivyo karafuu na mdalasini vinapata saa nyingi za kutoa vilivyo ndani yao. Harufu ya viungo hutoka na mvuke, nao mvuke, kama tulivyoona kwenye maji, hauongezeki kwa kasi ya chakula. Kinachotoka ni kidogo, kinachobaki ni kingi. Halafu kuna walaji wenyewe: nyumbani unawapikia wanne unaowajua, hapa una mzee wa miaka 80, mtoto wa miaka mitatu, na mgeni ambaye hajawahi kula pilau yenu. Kwa hiyo karafuu ziwe 24, iliki 26, mdalasini vijiti vinne, pilipili manga vijiko viwili vya chai badala ya vitatu. Binzari nyembamba ni mpole kidogo na ndiyo inayoipa pilau sura yake, kwa hiyo ipunguze kidogo tu: vijiko vitatu na nusu vya chakula badala ya vinne. Saumu na tangawizi vijiko vitano vya chakula kila kimoja. Pilipili kali isiingie sufuriani kabisa, iwekwe mezani pamoja na kachumbari, kila mtu ajihukumu mwenyewe.

Ukisaga viungo vyote pamoja, kumbuka unga unatoa nguvu yake yote mara moja na huwezi kuuokota. Kwa sufuria kubwa napendelea karafuu na mdalasini vibaki vizima, binzari ndiyo itwangwe. Karafuu zikionekana zimezidi, angalau utaziopoa kwa upawa zinapoelea kwenye supu.

Hapo ndipo tunafikia dakika muhimu kuliko zote katika shughuli hii: vitunguu, saumu, tangawizi, viungo, nyama iliyoiva na supu vimeshakuwa sufuriani, vinachemka, mchele bado uko kwenye ungo. Sasa onja. Usitafute ladha nzuri. Supu inayokubalika mdomoni kama supu ya kunywa itatoa pilau isiyo na ladha, kwa sababu kilo tatu za mchele na viazi 25 havina chumvi yoyote na vyote vitaichukua humo. Supu hii lazima iwe na chumvi iliyozidi, kiasi kwamba ukipewa kikombe kizima utakirudisha. Viungo navyo viwe mbele kidogo kuliko unavyotaka. Kama supu iko sawasawa tu, ongeza kijiko kile cha nne cha chumvi, koroga, subiri dakika mbili, onja tena. Kama ni viungo vilivyopungua, usinyunyize unga mkavu juu: chukua mafuta vijiko viwili, pasha kwenye kikaango kidogo, tia binzari kijiko kimoja na iliki tatu zilizopondwa, zikinukia mimina sufuriani. Na kama chumvi imezidi mno, ni sasa tu unapoweza kuchota supu vikombe viwili na kurudishia maji ya moto. Baada ya mchele kuingia, kuonja kunabaki kuwa habari tu.

Muda unatatanisha watu kwa pande zote mbili. Wapo wanaouzidisha, wakachemsha nyama kwa saa tano, na wapo wanaouacha kama ulivyo kwenye karatasi, wakachelewa. Ukweli ni kwamba nyama haijui imekaa sufuriani na wenzake wangapi. Kipande cha gramu 40 kikianza kuchemka kitalainika kwa saa moja au zaidi kidogo, kikiwa kumi na mbili au sabini na nane. Kinachobadilika ni safari ya kufika kwenye mchemko. Jiko lako ni lile lile, moto wake ni ule ule, lakini sasa linapasha lita tano za maji na kilo tatu za nyama. Kilichokuwa kikichemka kwa dakika nane sasa kitachukua nusu saa au zaidi. Kwa hiyo muda wa kuiva usiuguse, ongeza muda wa kupashia, na uongeze kila mara unapotia kitu cha baridi.

Mchele ndio mfano mzuri. Kilo tatu zilizooshwa, zikiwa na maji ya bomba bado yamezishika, zikiingia kwenye lita nne na nusu za supu inayochemka, joto linashuka ghafla chini ya nyuzi 90. Nyumbani mchemko hurudi kwa dakika mbili. Hapa, kwenye jiko dhaifu, inaweza kuwa kumi na tano, na dakika zote hizo mchele umelowa kwenye maji ya moto, unavimba bila kuiva. Njia ya kuzuia ni kuchuja mchele vizuri, kuutia supu ikiwa inatokota kwa nguvu kweli, moto uwe mkubwa, na mfuniko ufunike hadi mchemko urudi. Hesabu dakika kuanzia hapo. Geuza mara mbili tu, kwa mwiko mrefu unaoingizwa ukingoni na kuinua kutoka chini, kwa sababu kukoroga kunavunja punje na kutoa wanga.

Supu ikishuka hadi usawa wa mchele na vishimo vikaanza kupumua juu, bana punje moja kati ya vidole. Ikiwa na kiini kidogo cheupe katikati, uko salama, funika. Ikiwa kiini ni kikubwa na juu pameshakauka, nyunyiza vile vikombe vya supu ya moto ulivyovihifadhi, nusu kikombe kwa nusu kikombe, kuanzia ukingoni. Maji ya baridi usithubutu. Kisha punguza moto wa chini mpaka ubaki wa kuhisi tu, palia makaa juu ya mfuniko, na uiache. Kwa watu wanne dakika 15 zinatosha. Kwa kina cha sentimita 13 mvuke una safari ndefu, uupe 30 hadi 35. Anayetumia gesi na hana makaa afunike kwanza kwa karatasi ya foili na kubana mfuniko, na chini ya sufuria aweke bati au chuma bapa, ili moto wa gesi usilenge sehemu moja.

Hiyo sehemu moja ndiyo hatari ya sufuria kubwa juu ya jiko dogo. Ukoko wa rangi ya asali ni baraka na una wenyewe wanaougombania. Ukoko mweusi ni msiba, maana moshi wake unapanda na kuingia kwenye pilau yote. Pua itakujulisha kabla ya macho. Ukisikia harufu ya kuungua, ondoa sufuria motoni papo hapo na usikoroge wala kukwangua. Chota ya juu, theluthi mbili za kwanza, uihamishie chombo kingine bila kugusa chini. Iliyoshika iache hapo hapo, hata kama unaona uchumi unapotea.

Kwa ratiba, tuseme wageni wanakula saa saba mchana. Nyama ibandikwe saa tatu na nusu asubuhi, ianze kuchemka saa nne na dakika kumi, na iwe laini saa tano na robo. Vitunguu vikaangwe wakati huo huo kwenye jiko la pili, vinachukua karibu saa nzima kwa mafungu manne. Saa tano na dakika ishirini unachanganya vyote, viazi vikiwemo, na kuchemsha supu. Saa sita kasoro ishirini, baada ya kuonja, mchele unaingia. Mchemko unarudi saa sita kasoro kumi, supu inakauka saa sita na dakika tano, makaa yanakaa juu hadi saa sita na dakika arobaini. Zimebaki dakika ishirini, ambazo hazipotei: sufuria kubwa hubaki na joto muda mrefu na mchele unatulia ndani yake. Ndiyo sababu pia uiepue ikiwa na ugumu kidogo sana kuliko unaoutaka, itamalizia yenyewe.

Ikibaki, usiiache ndani ya sufuria hadi jioni. Kiasi kikubwa cha wali hupoa polepole mno, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kwenye mchele huwamo bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wakipata uvuguvugu huo huzaliana na kuacha sumu ambayo hata ukiipasha pilau tena haiondoki. Ndani ya saa mbili tangu kuiva, tandaza iliyobaki kwenye masinia, unene usizidi vidole viwili, ipoe haraka, kisha iingie kwenye friji. Kama hakuna friji, igawe mchana huo huo wakati bado ina moto.